Eksesi sio diskaunti: ankara ya gereji ya kupeleka bima iandikweje

Swali: "Habari kaka fundi. Nipo Tukuyu, IST yangu niligonga Fuso kwa nyuma pale Uyole na nina bima kubwa. Gereji wamenipa ankara ya mstari mmoja tu, 'matengenezo ya gari 2,761,200', bima wameirudisha wanataka spea kivyake, ufundi kivyake na eksesi ionekane. Fundi anasema eksesi ashaitoa humo na kweli nilimlipa 306,800 mkononi. Picha ya daftari lake nimekutumia. Nani yuko sahihi hapo na karatasi iandikweje? Ndaga fijo."

Salama dada yangu, na pole sana kwa ajali. Eksesi ni kile kipande cha gharama mwenye gari anachobeba mwenyewe, kinachobaki ndo bima wanalipa. Daftari nimelisoma lote, mwandiko umeingia grisi ila namba zinaonekana. Fundi wako kazi kaifanya na sioni kama kakuibia, lakini ile karatasi kaikosea, na ingepita vile ilivyo mngekuja kugombana mwishoni bila hata mmoja wenu kujua pesa imepotelea wapi.

Tuanze na daftari. Spea kaandika bampa ya mbele 280,000, taa ya kushoto 350,000, rejeta 420,000, boneti yuzidi 450,000 na fenda ya kushoto 200,000, jumla 1,700,000. Vifaa vya rangi, yani rangi yenyewe, praima, fila, thina na kliya, 180,000. Afu ufundi: kufungua na kufunga mbele yote 200,000, kunyoosha sapoti ya rejeta pamoja na ncha ya chesesi 250,000, kupiga rangi boneti, bampa na fenda 270,000, hiyo inakuja 720,000. Ukijumlisha vyote unapata 2,600,000, kaongeza VAT asilimia 18 ambayo ni 468,000, ikafika 3,068,000. Hapo ndo gharama halisi ya gari yako na hiyo namba ndo ilitakiwa ikae kwenye ankara kama jumla.

Yeye alichofanya, kachukua eksesi ya bima yako, asilimia 10 ya 3,068,000, ikaja 306,800, kaitoa, kaandika 2,761,200 kama vile ndo bei ya kazi. Sasa we jiweke kwenye kiti cha mtu wa madai kule bima. Anaona ankara ya 2,761,200, hajui kama kuna kitu kilishatolewa, na kazi yake ni kutoa eksesi kwenye kila ankara inayofika mezani. Kwaiyo na yeye anakata asilimia 10 yake, 276,120, analipa 2,485,080. Ukiweka na ile 306,800 yako gereji inakuwa imepokea 2,791,880 kwa kazi ya 3,068,000. Imepungua 276,120, fundi anakupigia anadai, we unaona ushalipa, bima nao wanasema wamelipa walichodaiwa, na kila mtu anasema kweli. Eksesi imekatwa mara mbili basi.

Mimi hili lilinikuta nikiwa bado mgeni wa kazi za bima, Noah iliyoumia Mlima Nyoka, nikaandika "punguzo la eksesi" chini ya ufundi nikidhani namrahisishia mteja. Bima wakakata tena na ile tofauti nikaibeba mimi. Toka siku hiyo neno punguzo silitumii kabisa kwenye karatasi ya bima, maana eksesi haipunguzi bei ya kazi hata shilingi moja, inachofanya ni kusema nani analipa kipande gani. Gereji inatakiwa ipate 3,068,000 yote, sema inaipata kwa watu wawili.

Kwaiyo mwambie fundi aandike upya hivi. Juu jina la gereji, TIN, na VRN, yani namba ya usajili wa VAT, kama anayo, namba ya ankara na tarehe, afu jina lako, namba ya gari, namba ya chesesi na namba ya dai mliyopewa na bima. Kwenye "kwa" aandike kampuni ya bima, kwa niaba yako. Halafu sehemu ya spea, kila spea mstari wake, idadi, bei ya moja, na pembeni aseme ni mpya, ni kopi au ni yuzidi. Asiandike boneti tu, aandike boneti yuzidi, kwa sababu asesa, yule mkaguzi wa bima, akikuta kwenye gari imefungwa yuzidi na kwenye karatasi kimya, atahisi mlitaka kulipwa bei ya mpya, na akishahisi hivo ataanza kukagua hata vile visivyo na shida. Risiti za dukani ziambatane, na kama spea ililetwa na basi toka Dar ile nauli ya mzigo ikae mstari wake, isifichwe ndani ya bei ya spea.

Chini ya spea ndo vifaa vya rangi, hapa watu wengi wanachanganya, wanaandika "rangi 450,000" inabaki haijulikani ni kopo au ni mkono. Daftari la fundi wako limetenganisha vizuri, alihamishe tu kama lilivyo. Kisha ufundi, kazi kwa kazi. Huku kwetu gereji nyingi hazihesabu masaa, tunapatana kwa kazi, na hiyo haina shida ilimradi kila kazi itajwe. "Ufundi 720,000" peke yake itarudi. Ila "kunyoosha sapoti ya rejeta na ncha ya chesesi 250,000" mtu anaweza kwenda kwenye gari akaangalia kama kweli palikunjika na kama kweli pamenyooshwa.

Sababu ya kutenganisha yote haya ni kwamba asesa anapima kila fungu kwa njia yake. Bei ya taa anaijua au anapiga simu dukani anaulizia. Ufundi anaupima kwa kuangalia ukubwa wa kazi. Sasa fundi akimeza hela ya kufunga taa ndani ya bei ya taa, akaandika taa 400,000, asesa ataikata irudi bei ya dukani na ule ufundi unakuwa umepotea, maana hamna mahali pengine ulipoandikwa.

Mwisho wa karatasi ndo panapotatua swali lako, mistari iwe hivi na ifuatane hivi:

Spea 1,700,000
Vifaa vya rangi 180,000
Ufundi 720,000
Jumla kabla ya VAT 2,600,000
VAT asilimia 18: 468,000
Jumla kuu 3,068,000
Eksesi, inalipwa na mwenye gari 306,800
Salio, linalipwa na bima 2,761,200

Umeona ile 2,761,200 ya mwanzo imerudi, ila safari hii imekaa kama salio baada ya eksesi na mtu wa madai anaona kwa macho kwamba imeshatolewa, hakati tena.

Kuna vitu viwili nataka uhakikishe kabla fundi hajachapa. Cha kwanza hiyo VAT. Angalia risiti yoyote ya EFD ya hiyo gereji, pale kwenye VRN. Kama hamna namba basi gereji haijasajiliwa VAT na haina ruhusa ya kukutoza hiyo 468,000, jumla kuu inabaki 2,600,000 na eksesi yako inashuka mpaka 260,000. Maana yake ulizidisha 46,800 na fundi anatakiwa akurudishie. Risiti ya EFD ni lazima hata kama VAT hana, hivo ni vitu viwili tofauti na watu wanavichanganya sana.

Cha pili, eksesi yenyewe kapiga nani hesabu? Nimeona kwenye karatasi yako ya bima imeandikwa asilimia 10 ya dai isiyopungua 250,000, lakini dai ni kile kiasi bima watakachokubali, sio alichoandika fundi. Asesa akikata hapa na pale wakakubali 2,900,000 eksesi ni 290,000. Wakikubali 2,300,000, asilimia 10 ni 230,000 ila we utalipa 250,000 kwa sababu ndo kima cha chini chako. Ndo maana mi eksesi ya mteja siipokei mpaka barua ya bima ya kuidhinisha matengenezo iwe mezani na kiasi kimeandikwa. We ushalipa, sio mbaya, ila dai risiti ya EFD ya hiyo 306,800 leo leo, kulipa mkononi bila risiti kwa bima ni sawa na hujalipa. Bima nao wakilipa watolewe risiti ya kiasi chao, na zile risiti mbili ukizijumlisha zifike jumla kuu ya ankara, isizidi wala isipungue.

Nikaona pia pembeni ya daftari fundi kaandika "breki za nyuma 60,000" na hajaziingiza kwenye hesabu. Vizuri hakuziingiza, ziache huko huko. Gari imegonga kwa mbele, breki za nyuma zimeisha kwa kutembea, hizo ni zako, akuandikie karatasi nyingine kabisa. Ukizichomeka kwenye ankara ya bima wanaweza kusimamisha dai zima kwa ajili ya elfu 60.

Na kama wakati wa kufungua alikuta kitu kingine kimeumia ndani, mfano kondensa ya AC au feni, ambacho hakikuwa kwenye makadirio ya kwanza, asikiongeze kimya kimya kwenye ankara. Anapiga picha kikiwa bado kipo kwenye gari, anawatumia bima makadirio ya nyongeza, anasubiri jibu ndo anabadilisha. Ukishabadilisha kwanza afu ukaomba, asesa hana tena cha kukagua. Kwa sababu hiyo hiyo spea zilizotolewa, ile rejeta iliyopasuka na boneti iliyokunjika, mwambie azitunze gereji mpaka bima waseme wamemaliza nazo, wana haki ya kuja kuziona na hata kuzichukua, asiuze kwa watu wa vyuma chakavu.

Kwenye ajali yako we ndo uligonga kwa nyuma kwaiyo eksesi imeishia kwako. Ila kwa wanaosoma ambao waligongwa na mwenye kosa ni mwingine, hiyo risiti ya eksesi muitunze, ndo ushahidi wa kuidai hiyo pesa kwa bima ya aliyewagonga. Na dada yangu, fundi akishaandika upya nitumie picha kabla hujapanda gari kuipeleka, nitaipitia.