Alfa ya gome inatoka na ukungu kwenye Blender

"Wakuu, shina nimelichonga kwa Dyntopo, umbo limekaa vizuri. Nikigonga alfa ya gome inatoka na ukungu, na pembeni unaonekana mraba. Nakosea wapi?"

Mkuu, brashi ikiwa kwenye Anchored au Drag Dot, Dyntopo haiongezi pembetatu hata kama imewashwa. Alfa inasukuma zile chache zilizopo, ndiyo maana mipasuko inayeyuka.

Maliza kwanza mizizi, mikunjo na vifundo, kisha zima Dyntopo. Tumia Apply Scale, halafu Voxel Remesh. Kwa shina la mita 4 lenye kipenyo cha sentimita 60, weka 0.02 m, utapata nyuso kama 19,000. Ongeza Multires ngazi 3: zinafika kama milioni 1.2, kila moja takribani milimita 2.5. Mpasuko wa sentimita moja utasimama. Kompyuta ikilemewa, ishia ngazi 2.

Mraba unatokana na picha yenyewe. Ukipiga picha gome la mjakaranda hapo Arusha, piga kukiwa na mawingu, maana kivuli cha jua kitasomwa kama shimo. Igeuze nyeusi na nyeupe, kingo zififie hadi nyeusi kabisa. Mapping iwe Area Plane.

Na usijaze shina zima; kwa mti wa mtindo wa katuni, sehemu tupu ndizo zinazolipa gome uzito.