Kaka aliyepotea machimboni: mirathi inaanza lini?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh wetu. Mimi niko Kondoa. Kaka yetu mkubwa alikwenda Chunya machimboni mwaka 2011. Mara ya mwisho alimpigia mama simu mwishoni mwa 2016, tangu hapo kimya. Baba alifariki mwaka 2020, akaacha shamba la ekari 40. Tumebaki mama, sisi vijana wawili na dada yetu. Kaka ana kiwanja chake Dodoma mjini, mke, na watoto wawili, wa kiume na wa kike. Wazee wa ukoo wanasema tumhesabu amekufa, tugawe vyote kwa pamoja tumalize. Inafaa?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Mwenyezi Mungu awape subira, na amrejeshe ndugu yenu kama yu hai.

Haifai kugawa vyote kwa pamoja. Hapo kuna mirathi mbili. Ya baba iko wazi tangu siku aliyofariki, wala hamna sababu ya kumweka mama yenu akisubiri. Ya kaka bado haijafunguka, na wazee wa ukoo hawana mamlaka ya kuifungua kwa kikao.

Nianze na ya baba. Madhehebu yetu ya Shafii yanasema hivi: akifa mtu ambaye aliyepotea angemrithi, fungu la aliyepotea linazuiwa, na kila aliyepo anapewa kile kidogo ambacho kwa vyovyote vile hakikosi. Kwa hiyo piga hesabu mara mbili, kaka akiwa hai na kaka akiwa amekufa, kisha kila mmoja apewe ile ndogo.

Baada ya kulipa madeni ya baba na kutekeleza wasia wake kama upo, na ikiwa babu na bibi wote walishatangulia, mama anapata thumni, yaani ekari 5. Hiyo haibadiliki, awe kaka hai au amekufa. Zinabaki ekari 35. Kaka akihesabiwa hai, watoto ni wanaume watatu na mwanamke mmoja, mafungu saba, kila fungu ekari 5: mwanamume ekari 10, dada yenu ekari 5. Akihesabiwa amekufa kabla ya baba, mafungu ni matano, kila fungu ekari 7: mwanamume ekari 14, dada ekari 7. Basi chukueni ile ndogo. Mama 5, ninyi wawili kumi kumi, dada 5. Ekari 10 zinabaki zimezuiwa.

Hizo kumi zipimwe na zipandwe minyaa mpakani kama mashamba mengine, na muhtasari wa kikao uandikwe mbele ya mtendaji wa kijiji ukitaja wazi kuwa ni fungu lililozuiwa. Mkilikodisha kwa mtu wa alizeti, kodi iwekwe kando kwa hesabu, maana mazao ya mali yanafuata mali. Nasisitiza hili kwa sababu ugomvi mwingi ninaoletewa unaanzia hapa: shamba linaachwa "kwa muda" mkononi mwa ndugu mmoja, anajenga, anafariki, na wanawe wanakua wakijua ni la baba yao.

Sasa kiwanja cha Dodoma. Katika mali yake mwenyewe, kaka anahukumiwa kuwa hai mpaka ipatikane bayina ya kufa kwake au kadhi ahukumu. Mkewe na watoto wanatunzwa kutokana na mali hiyo kwa haki ya matunzo, bado si kwa urithi.

Muda gani upite? Shafii hawakutaja idadi ya miaka. Wanasema upite muda ambao kwa dhana yenye nguvu mtu kama yeye haishi zaidi yake, kisha kadhi ajitahidi ahukumu. Mahanbali wametofautisha. Aliyepotea katika jambo ambalo aghalabu ni la kuangamia, kama chombo kuzama, anasubiriwa miaka 4. Aliyesafiri safari ambayo aghalabu watu husalimika, kama ya biashara, anasubiriwa hadi atimize miaka 90 tangu kuzaliwa. Kwa hiyo kadhi atawauliza jambo ambalo wazee wenu hawakuliuliza: alipotea vipi? Kama kuna watu walioshuhudia akiingia duara likaporomoka, hiyo ni hali moja. Kama alihama tu chimbo akanyamaza, ni hali nyingine kabisa.

Upande wa serikali, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaweka dhana ya kifo pale mtu asiposikika kwa miaka 5 na wale ambao kwa kawaida wangemsikia. Angalieni mambo mawili. Miaka inahesabiwa tangu habari ya mwisho, yaani ile simu ya 2016, wala si tangu alipoondoka 2011. Tena "wale ambao wangemsikia" si ninyi wa Kondoa peke yenu. Ikiwa alikosana na nyumbani lakini mkewe au mwenzake wa machimboni alipata ujumbe wake baadaye, hesabu inaanza upya. Ulizeni huko kwa dhati, toeni taarifa polisi, tafuteni hospitalini na magerezani, na kila hatua iwe na karatasi.

Na huku bara hukumu ya kadhi peke yake haibadilishi hati ya kiwanja. Kwa mirathi ya Kiislamu mtakwenda Mahakama ya Mwanzo kuomba msimamizi wa mirathi. Kwa baba mnaweza kwenda sasa. Kwa kaka, mahakama itataka kwanza uthibitisho wa kifo au wa kutosikika kwake.

Jambo kubwa katika yote haya ni kwamba anayehukumiwa kufa kwa kupita muda anarithiwa na wale walio hai siku ya hukumu, si siku aliyopotea. Baba yenu hayumo tena. Mama, Mwenyezi Mungu amzidishie umri, akiwa hai siku hiyo anapata sudusi ya mali ya kaka. Mke anapata thumni. Kinachobaki ni cha watoto wake wawili, wa kiume mafungu mawili na wa kike moja. Ninyi ndugu hamna kitu katika kiwanja kile, kwa kuwa mtoto wa kiume anawazuia. Nawaomba mlisikie vizuri hili kabla ya kuhimiza kigawiwe.

Likipatikana shahidi au cheti kinachotaja tarehe, hesabu inageuka. Tuseme alifariki 2018. Hapo baba alikuwa hai, basi sudusi ya mali ya kaka ni ya baba pamoja na ile ya mama, nayo inaingia katika mirathi ya baba. Zile ekari 10 zinawarudia, ninyi wawili nne nne na dada mbili. Akithibitika amefariki 2022, ekari 10 ni zake, wanazirithi mama, mkewe na wanawe. Ikihukumiwa kwa kupita muda bila tarehe, wanazuoni wamehitilafiana ziende wapi, basi mwombeni kadhi alitamke hilo katika hukumu yake, msije mkaligombea baadaye.

Akirejea baada ya yote, mali yake inarudi kwake, na aliyeuza au kula analipa.

Suala la mkewe kuolewa lina hukumu yake mbali. Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, alihukumu asubiri miaka 4 kisha akae eda ya miezi minne na siku kumi. Shemeji yenu aende kwa kadhi mwenyewe, asisubiri mirathi ndipo aulize.

Wallahu aalam.