Kuweka imani mabanoni: mfano wa Lailatul Qadri

"Niko mwaka wa kwanza. Mhadhiri anataka tuweke imani mabanoni kabla ya kueleza wakati mtakatifu. Mimi ni Mwislamu. Je, niache kuamini nikiwa darasani?"

Hapana. Husserl, mwanafalsafa aliyeanzisha fenomenolojia, njia ya kueleza mambo kama yanavyomjia mtu, katika kitabu chake cha mwaka 1913, hakumtaka mtu akanushe anachokiamini, bali asitishe hukumu: imani yako inabaki kuwa yako, ila huitumii kama hoja. Katika semina nilizosimamia, aghalabu wanaosahau sharti hili ni wasioamini, kwa maana kutoamini nako ni hukumu, na nako huwekwa mabanoni.

Tuchukue Lailatul Qadri. Mwanafunzi mmoja huandika, "Usiku huo malaika hushuka," na mwenzake huandika, "Waislamu hudhani usiku huo ni bora, ingawa kwa kweli una saa zilezile." Wote wawili wameshahukumu, huyo wa pili ameihukumu dini kwa saa ya ukutani, kana kwamba saa ndiyo mizani ya kila wakati. Yafute maneno "kwa kweli" na "hudhani", kisha uliza usiku huo unamjiaje mwenye kukesha.

Kwanza, unamjia ukiwa umefichika. Hutafutwa katika masiku kumi ya mwisho ya Ramadhani, hasa yale ya witiri, na ingawa wengi huutarajia usiku wa ishirini na saba, aliye katika itikafu hana hakika, kwa hiyo kila usiku katika hayo huenda ukawa ndio wenyewe na hubeba uzito wa kungojewa. Pili, una kina kuliko urefu: Kurani inausema kuwa bora kuliko miezi elfu, yaani miaka 83 na miezi minne, lakini anayesali hapigi hesabu hiyo, huhisi kwamba rakaa moja sasa ina thamani ambayo jana haikuwa nayo. Tatu, una ukingo, kwa kuwa amani yake ni mpaka mapambazuko ya alfajiri.

Hapa ndipo wengi huteleza, nao ni wale waliosoma sana. Eliade, mwanahistoria wa dini, alifundisha kwamba wakati mtakatifu humrudisha mtu kwenye tukio la mwanzo, basi mwanafunzi huandika kwamba mkeshaji anarudi kwenye usiku ilipoteremshwa Kurani. Nadharia hiyo pia iwekwe mabanoni. Ukiwasikiliza wakeshaji wenyewe, utaona kwamba kumbukumbu ya kuteremshwa ipo, lakini wanachokingoja ni ushukaji wa mwaka huu: malaika wa sasa, na dua ya sasa inayosubiri kujibiwa.

Maelezo hayo hayathibitishi kwamba malaika hushuka, wala hayakanushi. Swali hilo liko nje ya uwezo wa njia hii, na mtahini akikuuliza, mjibu hivyo hivyo. Yanachoweza kukupa ni sababu ya kumuuliza Eliade kama "kurudi" kunatosha kuueleza usiku huu.