Maswali na majibu: herufi za biashara yako kwenye simu ya bei ndogo na kwenye karatasi ya riso

Kipeperushi changu cha mawese kinasomeka vizuri kikiwa karatasi. Nikikituma WhatsApp, wateja wananipigia kuuliza bei ambayo imeandikwa humo humo. Je, tatizo ni simu zao?
*Muuza mawese, Mwanga, Kigoma*

Hapana dada, simu zao hazina kosa. Karatasi yako ni nusu ya A4, upana wake milimita 148. Simu ya zamani ya inchi 5 ina kioo chenye upana wa milimita 62 hivi, kwa hiyo kipeperushi kizima kinanywea mpaka asilimia 42 ya ukubwa wake. Maandishi uliyoyapanga kwa saizi 9, yanayosomeka bila taabu yakiwa mkononi, kwenye kioo hicho yanashuka chini ya saizi 4.

Itazame herufi e. Ina mistari mitatu iliyolala, wa juu, wa kati na wa chini, na katikati ya mistari hiyo kuna nafasi mbili tupu. Kioo cha simu huchora kwa vidoti, na kila mstari unahitaji angalau kidoti kimoja, kila nafasi vilevile. Maana yake e isiyofika vidoti 5 kwa kimo haichoreki, inakuwa doa. Sasa simu ya inchi 5 yenye vidoti 480 kwa upana inaipa e yako ya saizi 9 vidoti 5 tu, hakuna cha akiba. Hapo bado WhatsApp haijaibana picha ili iwe nyepesi kusafiri. Ubanaji huo huharibu kwanza kingo za vitu vidogo vinavyopishana sana rangi na kilicho nyuma yake, na herufi ndivyo zilivyo. Ukungu unaingia kwenye zile nafasi tupu, 8 inafanana na 6, na mteja anaona heri akupigie kuliko kubahatisha bei.

Dawa ni kuwa na picha ya pili kwa ajili ya simu, usitume ile ya karatasi. Lenga e ipate vidoti 10 kwenye simu dhaifu kabisa, yaani maradufu ya ulivyo sasa. Huna haja ya kupima vidoti. Hesabu herufi za mstari. Mstari unaojaza upana wa picha usizidi herufi 40, nafasi zikiwemo. Kipeperushi chako cha saizi 9 kinabeba kama 80, ndiyo maana kinashindwa. "Mawese safi ya Ilagala, lita 5 au 20" ni herufi 36, inapita. Ile aya ya namna mafuta yanavyokamuliwa haipiti, na kwenye picha ya simu iache kabisa. Jina, bei na namba ziende mbali zaidi: herufi 15 mpaka 20 kwa mstari, kwa sababu watu wengi huziona picha kwenye grupu kabla hawajazifungua, zikiwa ndogo kuliko kioo chenyewe.

Angalizo moja: hesabu hii ni ya fonti yenye upana wa kawaida. Ukichukua fonti nyembamba iliyobanwa pande zote ili maneno yaenee, idadi itatimia lakini macho hayatasoma. Najua pia utaniambia mteja anaweza kuivuta picha kwa vidole viwili. Anaweza, akiwa tayari anataka mawese yako. Anayepitia magrupu huku akingoja bodaboda havuti kitu.

Nauza asali Tabora. Nilitengeneza kipeperushi kizuri, maneno meupe juu ya weusi na maelezo ya kijivu. Stesheneri wakakitoa kwa riso: meupe yamezibika, ya kijivu yana chengachenga. Mwenye mashine anasema kompyuta yangu mbovu.
*Msomaji, Tabora mjini*

Kompyuta haihusiki, na mashine nayo imefanya kazi yake. Riso hutoboa vitundu vidogo sana kwenye karatasi maalumu iitwayo masta, kisha husukuma wino kupitia vitundu hivyo. Wino wake haukaushwi kwa moto kama tona ya fotokopi. Hunywewa na karatasi, na unaponywewa hutambaa kidogo pembeni. Herufi nyeusi juu ya nyeupe inanenepa kidogo, wala hakuna anayegundua. Herufi nyeupe juu ya weusi inakondeshwa, maana wino unaishambulia kutoka pande zote, hata kutoka ndani ya a na e. Ikiwa ilikuwa nyembamba tangu mwanzo, inatoweka.

Ukitaka neno jeupe, liwe jina la bidhaa peke yake, kwa boldi, na lisishuke chini ya saizi 18. Namba ya simu usiiweke kwenye weusi hata kidogo. Mimi ningeacha ukanda mweusi juu wenye neno ASALI na kuandika mengine yote kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe. Karatasi ya njano nayo inafaa, na kwa asali inapendeza bila gharama ya rangi ya pili.

Hayo ya kijivu yana sababu nyingine. Riso ya kawaida hupiga rangi moja kwa wakati na ngoma yake ya wino mweusi haina kijivu; kijivu inakipata kwa kutawanya vidoti vyeusi. Panapokuwa na picha, jicho linaviunganisha vidoti hivyo. Panapokuwa na herufi ya saizi 8, kingo zinavunjikavunjika, na hizo ndizo chenga ulizoziona. Maandishi yawe meusi kabisa au yasiwepo. Ukitaka maelezo yaonekane ya chini kuliko kichwa cha habari, yapunguze saizi, rangi iache ilivyo.

Kabla ya kuagiza nakala 500, toa moja kwa printa, uitoe fotokopi, kisha uitoe fotokopi ile fotokopi. Kama namba ya simu bado inasomeka bila kukisia kwenye nakala ya tatu, riso haitakushinda.

Basi tutajie fonti. Biashara yetu inaitwa Ilagala Mawese, tunataka fonti moja ya nembo, kipeperushi na picha za simu, na isiwe ya kulipia.
*Kikundi cha wakamuaji, Uvinza*

Jina lenu lenyewe ni mtihani. Andikeni Ilagala kwa Arial: I kubwa na l ndogo ni vijiti viwili vinavyofanana, na mgeni asiyeijua Ilagala anaona fito mbili mwanzoni mwa neno. Open Sans, ambayo ni fonti nzuri kwa mengi na haina malipo, ina udhaifu huohuo. Kwa hiyo kipimo chenu cha kwanza kiwe mstari huu, uandikwe kwa kila fonti mnayoifikiria:

```
Ilagala 1lI 0O 3 5 6 8 rn m bara bora
```

Uchapeni kwa saizi 8, muupige picha na kutumiana kwa simu mbovu kuliko zote kwenye kikundi. Herufi mbili zikifanana, fonti hiyo iacheni.

Verdana inapita mapema. Matthew Carter aliichora kwa ajili ya Microsoft, ikatoka mwaka 1996, wakati vioo vya kompyuta vilikuwa na vidoti vichache kuliko simu ya leo. I yake kubwa ina vikofia juu na chini, matundu ya e na a yako wazi, nafasi kati ya herufi ni pana. Imo ndani ya Windows, kwa hiyo kompyuta nyingi za stesheneri zinayo. Ubaya wake ni kwamba inakula nafasi; ile hesabu ya herufi 40 kwayo ishusheni iwe kama 34.

Fonti iitwayo Andika, ya shirika la SIL, ilichorwa kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma, na leseni yake inaruhusu kuitumia kibiashara bure. l yake ina mkia, haichanganyiki na I. Ila a yake ni ya duara kama tunavyoandika kwa mkono, na wino wa riso ukitambaa, a hiyo inaikaribia o. Katika Kiswahili, ambako a zimejaa kila neno, hilo si dogo: bara na bora zinaanza kukaribiana. Kwenye simu ni tamu sana. Kwenye riso isishuke chini ya saizi 11.

Atkinson Hyperlegible, iliyotolewa na Braille Institute ya Marekani mwaka 2019 kwa wasioona vizuri, nayo ni bure. Hiyo ina mkato ndani ya sifuri. Kwenye simu mkato unasaidia, lakini kwenye karatasi, saizi ikiwa ndogo, wino unaujaza na sifuri inafanana na 8. Namba zetu zote zinaanza na sifuri, kwa hiyo mimi kwa kipeperushi cha riso ningewaambia chukueni Verdana, mkaiandike Ilagala kwa boldi ndiyo iwe nembo yenyewe.

Fonti ya mwandiko wa kuchezacheza ambayo bila shaka mmoja wenu ameshaipendekeza inaweza kukaa kwenye bango la mbele ya duka. Huko ina nusu mita ya kujinafasi.

Mkimaliza, pelekeni stesheneri PDF. Mkipeleka faili la Word na kompyuta yao haina fonti yenu, itachagua nyingine kimyakimya, na mistari itaruka.

Nikiandika kila kitu kwa herufi kubwa si ndiyo itaonekana zaidi?
*Fundi cherehani, Kasulu*

Maneno mawili matatu, sawa. Zaidi ya hapo unapoteza, kwa sababu herufi kubwa ni pana na zote zina kimo kimoja: kwenye mstari uleule yanaingia maneno machache, kwa hiyo utalazimika kupunguza saizi ili yaenee.

Kuna programu inanipa herufi za mapambo, nazinakili na kuzibandika kwenye SMS za wateja. Baadhi wananiambia wanaona viboksi vitupu. Wengi wana kiswaswadu.
*Muuza maziwa, Nzega*

Hizo si fonti, kaka. Ni alama nyingine kabisa, nyingi ziliwekwa kwa ajili ya hesabu, zinazofanana tu na herufi. Kiswaswadu hakina michoro yake, kwa hiyo kinaonyesha kiboksi. Kwenye SMS simu ya mpokeaji ndiyo inayochagua mwandiko, wewe huna sauti. Andika jina la biashara kwa herufi za kawaida, kwa tahajia ileile kila siku, likiwa neno la kwanza la ujumbe.

Kuna na hasara ya pesa. SMS moja ya herufi za kawaida inabeba herufi 160. Ikiingia alama moja tu isiyo kwenye orodha ya mtandao, ujumbe mzima unahamia mfumo mwingine na nafasi inashuka mpaka 70. Wewe unauza maziwa, kwa hiyo uangalie hasa neno ng'ombe: ukiandika ujumbe kwenye kompyuta kisha ukaunakili, Word huwa inaigeuza ile ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, na iliyopinda haimo kwenye orodha. Ujumbe wa herufi 120 uliotegemea kulipia mara moja utakatwa kama SMS mbili.