Alama Zake Kamati Inazijua Tayari

Barua ya kumpendekeza mwanafunzi kwa tuzo ya kitivo mara nyingi huharibika tangu aya ya kwanza. Mwalimu anaandika kwamba mwanafunzi wake ana 16 kwa 20 na hajawahi kurudia mwaka. Ni kweli, lakini yote hayo yako kwenye karatasi ya alama ambayo kamati imeishika mkononi, na wenzake waliopendekezwa wana alama kama hizo. Alama zipe sentensi moja, kisha endelea.

Hapo ndipo wengi hukimbilia sifa: mwenye bidii, mnyenyekevu, mwerevu. Sifa haikaguliki. Andika tendo, na kando yake taja kitu kinachoweza kulishuhudia hata kama wewe hupo: daftari, ripoti yenye muhuri, au mtu anayeweza kupigiwa simu.

Tuseme tuko Goma, na mwanafunzi ni binti wa afya ya jamii aliyejitolea kwenye kituo cha kutia klorini kando ya Ziwa Kivu. Watu wanachota maji kwa bidoni za lita 20, na mhudumu anatia klorini kwa sirinji katika kila bidoni. Rasimu ya kwanza ya mwalimu inasema: “Alijitolea sana kupambana na kipindupindu.” Mtu yeyote aliyesimama pale hata siku moja angeweza kuandikiwa hivyo.

Swali la kumuuliza mwanafunzi ni hili: ni jambo gani lisingefanyika kama usingekuwepo? Jibu lake linaonekana dogo. Baada ya mvua maji huwa na tope, na tope hula klorini, kwa hiyo dozi ya jana haitoshi leo. Wenzake walipima mara tu baada ya kutia dawa, wakati namba bado ni nzuri. Yeye akawa anatenga bidoni moja katika kila 20, anasubiri nusu saa, halafu anapima tena. Akikuta klorini iliyobaki iko chini ya miligramu 0.5 kwa lita, dozi inaongezwa. Sasa aya inaweza kuandikwa hivi:

“Kwa wiki 9 alipima upya maji nusu saa baada ya kutiwa klorini, jambo ambalo kituo hakikuwa kikifanya. Daftari lake lina vipimo 310 (kiambatisho 1). Msimamizi wa kituo anathibitisha kwamba utaratibu huo unaendelea hata baada ya mwanafunzi kuondoka (kiambatisho 2).”

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote, maana inaonyesha kwamba kazi ilibaki baada ya mwenyewe kwenda. Ongeza sentensi mbili za kueleza kwa nini nusu saa ni muhimu. Kwenye kamati anaweza kuwepo profesa wa idara nyingine, na asipoelewa ugumu wa kazi hataona thamani yake.

Usiandike kwamba aliokoa maisha ya watu wa mtaa. Daftari linaonyesha klorini, halionyeshi wagonjwa. Mjumbe mmoja akigundua umevuka ushahidi wako, hata vile vipimo 310 ataanza kuvitilia shaka.

Kazi ya kikundi nayo ina mtego wake. Kama walikuwa wanne, sema walikuwa wanne, halafu onyesha sehemu yake: wenzake walitia dawa na kuhesabu bidoni, yeye alianzisha kipimo cha pili. Hakikisha jambo hilo kwa msimamizi, si kwa mwanafunzi peke yake. Katika barua tenganisha pia uliyoyaona na uliyoambiwa. “Daftari nimelisoma, habari za kituoni nimezipata kwa msimamizi” inatosha.

Ile desturi ya kumwambia mwanafunzi “andika mwenyewe, mimi nitatia sahihi” iacheni, jamani. Mwanafunzi hupuuza jambo kubwa kwa aibu, kisha hujaza ukurasa kwa sifa alizozisoma kwenye barua za wengine. Mwombe vitu, usimwombe maandishi: daftari, majina ya mashahidi na namba zao za simu, na tarehe za kuanza na kumaliza. Mwombe wiki mbili kabla ya siku ya mwisho, kwa sababu barua ya msimamizi yenye muhuri ndiyo huchelewa.

Ukurasa mmoja na nusu unatosha, na viambatisho vitatu. Picha za wagonjwa zisiwemo. Barua kwa kawaida itaandikwa kwa Kifaransa. Kama msimamizi ameandika ushuhuda wake kwa Kiswahili, ambatisha karatasi yake yenyewe na tafsiri chini yake. Usiuandike upya kwa maneno yako, maana kamati itaona mkono mmoja katika karatasi mbili.