Anwani ipo, lakini je, ni ya muuzaji? Kuhakiki muuza magari wa Japani

*"Nimeona tangazo la kampuni ya Yokohama inayouza Toyota IST kwa bei ya chini sana, na anwani imeandikwa kamili. Nitajuaje kama mahali hapo papo kweli kabla sijatuma fedha?"*

Mimi ni wakala wa forodha Dar es Salaam, na tangazo la namna hiyo aliniletea shemeji yangu akiwa tayari ameshika fomu ya benki. Anwani ilisomeka hivi: 8-4-15 Minato Mirai, Nishi-ku, Yokohama 460-0008.

Anza na postikodi, kwa kuwa matapeli wengi huinakili popote bila kuielewa. Postikodi ya Japani ina tarakimu saba na imefungwa na eneo lake, kwa hiyo ukiiandika peke yake kwenye ramani ya mtandaoni, bila jina la kampuni wala la mji, itakuonyesha inakohusika. Ile 460-0008 ilitupeleka Sakae, katikati ya Nagoya, ambao ni mji mwingine katika mkoa mwingine, ilhali Minato Mirai ya Nishi-ku hutumia 220-0012.

Kisha tazama zile namba tatu. Japani mitaa mingi haina majina ya barabara kama tulivyozoea. Namba ya kwanza hutaja sehemu ya mtaa, ya pili kitalu, na ya tatu jengo. Minato Mirai imegawanywa katika sehemu sita tu, kwa hiyo sehemu ya nane haipo. Hapa ndipo watu wengi hupotezwa na ramani yenyewe, kwani isipoipata namba uliyoandika, mara nyingi haikatai, bali hukupeleka katikati ya mtaa wenye jina hilo, nawe ukaona maghorofa mazuri ya bandarini ukaridhika. Soma anwani ambayo ramani imekurudishia. Ikiwa imebaki jina la mtaa tu na namba zako zimetoweka, jengo lako halijapatikana. Vilevile usitafute kwa jina la kampuni, kwa sababu alama ya biashara kwenye ramani huweza kuombwa na mwenye biashara mwenyewe.

Shemeji alimwandikia muuzaji kuhusu postikodi, akajibiwa kwa upole mwingi kwamba ofisi imehama, na akapewa anwani nyingine ya Yokohama. Safari hii kila kitu kilikubaliana: postikodi, sehemu, kitalu, hata picha za barabarani zilionyesha jengo la ofisi lenye namba hiyo. Kwangu mimi hatua hii ndiyo ya hatari zaidi, maana anwani ya kweli huweza kuwa ya mtu mwingine.

Kila kampuni iliyosajiliwa Japani ina namba ya tarakimu 13, na mamlaka ya kodi ya nchi hiyo huweka wazi jina na anwani ya makao makuu ya mwenye namba hiyo katika tovuti ya houjin-bangou.nta.go.jp, bila malipo. Mwombe muuzaji namba hiyo kwa maandishi, kwani kutafuta kwa jina mara nyingi kunahitaji herufi za Kijapani, ilhali tarakimu hazihitaji. Yule wetu alituma namba baada ya kuzungushazungusha, nayo ilikuwa ya kampuni iliyopo kweli katika anwani ileile, ila jina lake lilikuwa tofauti kabisa na lililokuwa kwenye tangazo. Alikuwa ameazima nyumba ya watu.

Usimhukumu muuzaji kwa sababu picha za barabarani hazionyeshi magari. Wauzaji wengi halali hununua mnadani na kuyapeleka magari moja kwa moja kwenye yadi karibu na bandari, na ofisi yao ni chumba kimoja ghorofani. Kampuni kadhaa kutumia jengo moja pia si kosa.

Kuna tapeli mwerevu zaidi, anayenakili kampuni halali nzima, yaani jina, anwani na namba ya usajili. Huyo anwani haitamkamata. Linganisha jina la mwenye akaunti kwenye profoma na jina lililosajiliwa. Likiwa jina la mtu binafsi, au benki ikiwa nchi nyingine, simama hapohapo. Kisha itafute simu ya kampuni kwa njia nyingine, si ile iliyo kwenye tangazo, uwasomee namba ya akaunti na kuwauliza kama ni yao. Simu ya mezani ya Yokohama huanza na +81 45. Zinazoanza na +81 70, 80 au 90 ni za mkononi, nazo hazikuambii mwenyewe yuko wapi.

Profoma ya shemeji ilikuwa na jina la mtu binafsi, na benki haikuwa ya Japani. Fomu ile aliichana mbele yangu.