Jino la ukubwani liking'oka lote: namna ya kulishika, pa kulihifadhi na hesabu ya dakika

Swali: "Mwanangu ana miaka 9 na anapenda sana mpira. Mtoto wa jirani aling'oka jino la mbele uwanjani, mama yake akalifunga kwenye karatasi laini akaenda nalo hospitali, akaambiwa amechelewa. Jino la ukubwani liking'oka lote nifanye nini pale pale, nilihifadhi kwenye nini, na ni kweli kwamba dakika chache zinaleta tofauti?"

Dada, ninakujibu kama mwalimu wa michezo wa shule ya msingi na pia kama mzazi, kwa sababu jambo hili limenikuta mara mbili. Mara ya kwanza nilifanya kama alivyofanya jirani yako, na aliyeumia alikuwa binti yangu.

Ilikuwa mwaka 2014, naye alikuwa na miaka 9. Alianguka kwenye ngazi za nyumbani, jino moja la mbele la juu likatoka lote na mzizi wake. Nililiokota, nikaona limeshika vumbi na damu, nikalisugua kwa sabuni na mswaki mpaka mzizi ukawa mweupe kabisa, kisha nikalifunga kwenye karatasi laini safi na kulitia mfukoni. Niliamini kwamba usafi ndio ungelinusuru. Tulifika kwa daktari wa meno baada ya saa mbili hivi. Daktari alifungua ile karatasi, akaniuliza nani amelisugua, kisha akanieleza kwa upole jambo ambalo laiti ningelijua asubuhi ile.

Mzizi wa jino haujagandishwa moja kwa moja kwenye mfupa wa taya. Katikati yake na mfupa kuna nyuzi nyembamba sana zinazolishikilia jino, na jino linapong'oka nyuzi hizo hukatika, nusu zikabaki kwenye tundu la ufizi na nusu zikabaki juu ya mzizi. Ukilitazama kwa karibu jino lililong'oka muda huo huo, utaona mzizi umevaa utando mwembamba, wenye unyevu na rangi ya waridi iliyopauka, mfano wa ule utando unaokuwa ndani ya ganda la yai. Utando huo ni seli hai. Jino likirudishwa seli hizo zikiwa hai, huungana tena na zile zilizobaki kwenye tundu, na jino hushika kama lilivyokuwa. Zikifa, jino laweza kurudishwa na likasimama, lakini mwili hautalitendea tena kama jino, utalitendea kama kipande cha mfupa. Mimi nilikuwa nimezisugua nyingi kwa mswaki, na zilizosalia zikakauka ndani ya karatasi.

Hapo ndipo hesabu ya dakika inapoanzia. Kinachoziua seli hizo kwa haraka kuliko chochote ni kukauka. Jino likirudishwa ndani ya dakika 15 hivi, kuna matumaini makubwa kwamba nyingi bado ziko hai. Likikaa kavu kwa dakika 60, madaktari huhesabu kwamba zote zimekwisha kufa, hata jino lenyewe likionekana zima na zuri kiasi gani. Ndiyo maana swali la kwanza la daktari halitakuwa tu jino limetoka saa ngapi, bali pia limekaa kavu kwa muda gani. Jino lililokaa kwenye maziwa kwa saa nzima liko katika hali nzuri kuliko lililokaa kwenye karatasi kwa nusu saa.

Mara ya pili ilikuwa mwaka 2019, Jumamosi jioni, kwenye mechi ya wanafunzi wangu. Golikipa wa darasa la sita, mwenye miaka 12, aligongwa na goti la mwenzake mdomoni. Nilianza na mtoto mwenyewe kabla ya jino: je, amezimia, anatapika, anajua aliko, taya linafunguka na kufunga sawasawa? Mtoto aliyepoteza fahamu au anayechanganyikiwa hupelekwa hospitali kwanza, wala hawekewi kitu chochote mdomoni. Huyu alikuwa mzima, ila analia na kutoka damu, basi nikampa kitambaa safi akiume, nikawaomba wanafunzi wawili watafute jino mchangani bila kukanyagakanyaga.

Walilipata baada ya dakika kama 4. Nililishika kwa upande wa taji, yaani sehemu ile nyeupe inayoonekana mtu anapocheka, na sikugusa mzizi hata kwa kidole. Lilikuwa na mchanga. Nililimiminia maji ya kunywa ya chupa kwa sekunde chache tu mpaka mchanga ukaondoka, bila kusugua, bila sabuni, bila spiriti wala dawa ya kuulia vijidudu. Kama kuna maziwa, ni bora kulisuuza kwa maziwa. Maji ya kawaida yanafaa kwa kusuuza kwa kitambo kifupi, lakini hayafai kuwa makazi ya jino, kwa sababu ni mepesi kuliko maji yaliyo ndani ya seli, na seli zikikaa humo hunywa maji, huvimba na kupasuka.

Kisha nikafanya jambo ambalo wazazi wengi huliogopa, nalo ndilo tiba bora kuliko zote: nililirudisha jino mahali pake pale pale uwanjani. Nililigeuza kwanza nikalilinganisha na jino la jirani, upande laini uliotuna uangalie mdomo na upande wenye bonde uangalie ulimi, maana katika pupa ni rahisi kulirudisha kinyume. Nililiingiza polepole kwa kidole gumba na cha shahada. Nilihisi ukinzani mdogo, nadhani ni damu iliyoanza kuganda ndani ya tundu, nikaendelea kusukuma kwa utulivu mpaka likalingana na mwenzake. Mtoto alikunja uso lakini hakupiga kelele, kwa kuwa dakika za mwanzo baada ya kuumia sehemu hiyo huwa na ganzi ya aina yake. Nikakunja leso, akaiuma taratibu ili jino lisishuke, tukaondoka. Tangu jino litoke mpaka lirudi zilikuwa zimepita dakika zisizozidi 8.

Kama lingegoma kuingia nisingelilazimisha. Ningelihifadhi kwenye maziwa ya ng'ombe yasiyotiwa sukari, ya paketi au yaliyochemshwa yakapoa, na yakiwa ya baridi ni bora zaidi, yalifunike jino lote ndani ya kikombe au kopo lenye kifuniko. Maziwa yana chumvichumvi kwa kiasi kinachokaribiana na cha mwili, kwa hiyo seli hazivimbi wala hazinyauki, na yanaweza kuzitunza kwa saa kadhaa. Mtindi haufai kwa sababu ya ukali wake, na ni kosa ambalo watu hulifanya wakidhani maziwa ni maziwa. Maji ya madafu pia yana ukali, mimi siyatangulizi mbele ya maziwa.

Wengi hawajui kwamba maji ya ORS, yale wanayopewa watoto wenye kuharisha, nayo yamo katika miongozo ya huduma ya kwanza kama makazi mazuri ya jino. Yachanganywe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye paketi yake. Maji ya chumvi ya dripu, kama zahanati ipo karibu, yanafaa kwa muda mfupi, lakini usijitengenezee maji ya chumvi jikoni kwa kukisia. Usipopata chochote, mtoto ateme mate kwenye kopo dogo mpaka yalifunike jino, au jino lililoloa mate lizungushiwe karatasi ya nailoni safi ile ya kufunikia chakula, ili lisikauke njiani. Mtu mzima mwenye utulivu anaweza kulihifadhi kati ya shavu na ufizi. Mtoto asifanye hivyo, atalimeza au litampalia.

Haya yote ni kwa jino la ukubwani peke yake. Jino la utotoni likitoka halirudishwi, kwa sababu linaweza kuumiza jino la kudumu linalokua juu yake. Meno ya mbele ya juu ya kudumu huota kati ya miaka 7 na 8, kwa hiyo mwanao wa miaka 9 karibu kwa hakika anayo tayari. Ni makubwa na mapana kuliko yale ya mwanzo, na mara nyingi ncha yake huwa bado na mawimbi madogo kama ya msumeno. Pia, ikiwa mtoto ana ugonjwa mkubwa wa moyo au kinga yake imedhoofishwa na maradhi au dawa, lihifadhi kwenye maziwa umwachie daktari aamue.

Hospitali walimpiga picha ya eksirei, wakaosha ufizi, wakalifunga jino na meno ya jirani kwa waya mwembamba unaoruhusu jino kutikisika kidogo, kwa wiki 2. Walimpa amoksilini, wakauliza habari ya chanjo ya pepopunda kwa kuwa jino lilianguka mchangani, na wakamwagiza ale vyakula laini na apige mswaki laini. Kabla ya wiki 2 kwisha walianza kutibu mzizi, kwa sababu kwa umri wake mshipa wa ndani ya jino ukishakatika haufufuki, na ukiachwa huoza na kuula mzizi. Kwa mtoto mdogo ambaye ncha ya mzizi haijafunga, kama inavyoweza kuwa kwa mwanao, daktari anaweza kusubiri na kuchunguza, kwa kuwa mshipa una nafasi ya kuota tena.

Binti yangu naye alirudishiwa jino lake, kwani hata likichelewa hurudishwa ili mfupa usisinyae na nafasi isipotee. Lakini mwaka wa pili, daktari alipoligonga kwa mpini wa kioo chake, lilitoa mlio mkali kama wa chuma, tofauti na meno mengine: lilikuwa limeungana na mfupa. Taya likaendelea kukua, meno ya jirani yakashuka nalo, lile likabaki nyuma mpaka likaonekana fupi. Alipofika miaka 13 walikata taji lake, wakauacha mzizi ugeuke mfupa, na sasa anavaa jino la bandia. Golikipa wangu, kila alipogongwa jino lake katika mahudhurio ya mwezi wa 3, wa 6 na ya mwaka, mlio ulikuwa ule ule wa meno mengine.

Kwa hiyo dada, mwoneshe kocha wa mwanao pa kulishika jino, umpe kopo dogo lenye kifuniko na paketi ya ORS vikae kwenye begi la mipira. Kisha uulize mapema ni kituo gani cha karibu nanyi chenye daktari wa meno siku za Jumamosi na Jumapili, kwa sababu mechi nyingi za watoto huchezwa siku hizo, na mimi mwaka 2014 nilipoteza muda mwingi zaidi kuhangaika kutoka mlango uliofungwa hadi mwingine kuliko nilioutumia barabarani.